Ramani Ikishapita Kwenye Fotokopi

Jumamosi moja mchana mpwa wangu aliingia barazani, akanisalimia shikamoo ya haraka, akatupa karatasi ya jaribio mezani kwangu. Yuko kidato cha nne. Swali la ramani alikuwa amelipata nusu, na hiyo nusu ndiyo iliyomkera. Aliulizwa urefu wa barabara kutoka darajani hadi njia panda. Alijibu kilomita 4.25. Mwalimu ameweka mkasi mwekundu na kuandika pembeni: 6.

"Mjomba, nimeipima kwa uzi mara tatu. Sentimita nane na nusu, kila mara. Kipimio kimeandikwa moja kwa elfu hamsini. Sasa nimekosea wapi?"

Nimefanya kazi ya upimaji kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na swali kama hilo nimeulizwa na watu wazima wenye vyeo. Nikamwomba rula. Sikuigusa barabara. Nilihesabu visanduku kumi vya gridi kutoka kushoto kwenda kulia, nikavipima vyote kwa pamoja. Vilikuwa na sentimita 14 na milimita moja.

"Hesabu yako haina kosa," nikamwambia. "Ila karatasi yako si ramani ya moja kwa elfu hamsini."

Tuanze na maana ya maneno hayo. Kipimio cha 1:50,000 kinasema kwamba sentimita moja juu ya karatasi ni sentimita 50,000 juu ya ardhi. Sentimita 50,000 ni mita 500, yaani nusu kilomita. Kwa hiyo kilomita moja ya ardhini inachukua sentimita mbili za karatasi. Kwenye ramani za namna hii, mistari ya gridi huchorwa kila baada ya kilomita moja, wima na ulalo. Basi kila kisanduku lazima kiwe na sentimita mbili kwa mbili, na visanduku kumi lazima vitimize sentimita 20. Vya mpwa wangu vilikuwa na 14.1. Karatasi ilikuwa imepunguzwa.

Namna ilivyopunguzwa si siri. Ramani kamili ya 1:50,000 ya Tanzania au ya Kenya inachukua robo ya digrii kwa kila upande. Hiyo ni kama kilomita 27 na ushee, na juu ya karatasi inafika sentimita 55 hivi kwa 55. Hakuna shule inayoweza kumpa kila mtahiniwa karatasi kubwa kiasi hicho kwa jaribio la wiki, kwa hiyo kinakatwa kipande. Kipande kikitoshea karatasi ya A3, kinapelekwa dukani kutolewa kopi kwenye A4 kwa sababu ndiyo bei rahisi, na kijana wa mashine anabonyeza kitufe cha asilimia 71. Picha yote inasinyaa: barabara, mito, visanduku, hata herufi. Kitu kimoja tu hakibadiliki maana yake haiwezi kufuata udogo wa karatasi, nacho ni yale maandishi "1:50,000" yaliyoko chini. Yanapungua ukubwa wa herufi, lakini bado yanasomeka elfu hamsini. Kuanzia hapo yanadanganya.

Ukitaka kujua kipimio halisi cha kopi hiyo, gawanya. Visanduku kumi ni kilomita 10, na kilomita 10 ni sentimita 1,000,000. Gawa kwa 14.1 unapata karibu 71,000. Karatasi ya mpwa wangu ilikuwa ya 1:71,000. Ndiyo maana uzi wake wa sentimita 8.5 haukuwa kilomita 4.25. Kila kilomita kwenye karatasi yake ni sentimita 1.41, na 8.5 ukigawa kwa 1.41 ni kilomita 6 na kidogo sana. Mwalimu alikuwa na ramani ya asili, akapata 6. Mtoto alikuwa na kopi, akapata 4.25. Wote wawili walipima vizuri.

Lakini, na hapa nilimkazia macho, alikuwa na njia ya kulibaini hilo ndani ya chumba cha mtihani bila kuona ramani ya mwalimu. Swali lenyewe lilikuwa limetaja daraja kuwa 463218 na njia panda kuwa 497246. Tutakuja kwenye maana ya namba hizi baada ya muda mfupi. Kwa sasa amini kwamba zinasema njia panda iko kilomita 3.4 mashariki ya daraja na kilomita 2.8 kaskazini yake. Ukichora pembetatu ya pande hizo mbili na kupima mstari wa mshazari, unapata kilomita 4.4. Huo ni mwendo wa kunguru arukapo bila kupinda. Barabara ya mpwa wangu ilikuwa inazunguka kilima na kukwepa bonde, halafu akasema ina 4.25. Barabara iliyopinda imekuwa fupi kuliko mstari ulionyooka! Jibu la namna hiyo halihitaji mwalimu wa kulisahihisha.

Basi nini cha kutumia badala ya uwiano? Chini ya ramani, karibu na maandishi ya 1:50,000, huwa kuna kipimio cha mstari: ule ufito uliogawanywa vipande vyeusi na vyeupe, wenye kilomita 0, 1, 2, 3. Huo ni mchoro, si maandishi. Mashine ikiisinyaza ramani, nao unasinyaa kwa kiasi kilekile. Uzi wa mpwa wangu ukilazwa juu ya ufito huo unafika kwenye 6, bila kugawanya wala kuzidisha. Angalia tu jambo moja linalowaponza wengi: kushoto kwa sifuri kuna kilomita moja ya ziada iliyokatwakatwa vipande vidogo vya mita. Ukianza kupima kutoka mwisho kabisa wa kushoto badala ya sifuri, umejipunguzia kilomita nzima.

"Na kama ule ufito umekatwa?" akauliza. Swali zuri, kwa sababu mara nyingi hukatwa. Yule anayekata kipande huangalia barabara na mito, pambizo anaiacha sakafuni. Hapo tumia visanduku. Kila upande wa kisanduku ni kilomita moja hata kopi ikatolewa mara kumi. Chukua ukingo wa karatasi nyeupe, weka alama kwenye mistari ya gridi, na umejitengenezea ufito wako. Mimi binafsi, kama ningekuwa mtunzi wa mitihani, ningefuta uwiano kwenye kila kopi na kuacha visanduku peke yake.

Kopi iliyosinyaa inaharibu umbali, na inaharibu eneo zaidi ya hapo. Kisanduku cha asili kina sentimita mraba nne. Cha mpwa wangu kina mbili kasoro. Anayepima bwawa kwa rula na kuzidisha kwa uwiano ulioandikwa atapata nusu ya bwawa. Anayehesabu visanduku, vizima kwa vizima na vipande akivipatanisha, atapata bwawa lote.

Tukahamia kwenye namba za gridi. Hapa alikuwa amepata, na nilitaka kujua amepataje, kwa maana kwenye kopi ndogo kazi hii inachosha macho. Aliulizwa marejeo ya gridi ya zahanati, akajibu 476234.

Namba sita hizo ni mafungu mawili ya namba tatu. Fungu la kwanza linatoka kwenye mistari ya wima, ambayo namba zake zimeandikwa chini na juu ya ramani na hukua kadiri unavyokwenda mashariki. Fungu la pili linatoka kwenye mistari ya ulalo, ambayo namba zake ziko pembeni na hukua kuelekea kaskazini. Cha kwanza unatembea, cha pili unapanda. Mimi humkumbusha kwa mnazi: unafika kwanza kwenye shina, ndipo unaukwea. Hakuna aliyewahi kuanza kukwea akiwa bado nyumbani.

Zahanati iko kulia kwa mstari wa 47, haijafika 48. Hizo ndizo namba mbili za kwanza. Ukiugawanya upana wa kisanduku sehemu kumi, zahanati iko kwenye sehemu ya sita. Unaandika 476. Halafu unapanda: iko juu ya mstari wa 23, sehemu ya nne kati ya kumi kuelekea 24. Unaandika 234. Namba nne za kawaida, 4723, zingetaja kisanduku kizima cha kilomita moja ya mraba. Namba sita zinataja eneo la mita 100 kwa mita 100. Si nukta ya sindano, ni kama uwanja wa mpira na viunga vyake.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kugeuza mafungu: 234476. Kwenye ramani ya mpwa wangu namba za chini zilianzia 41 na kuishia 51, kwa hiyo 23 haikuwepo kabisa chini, na kosa hilo lingejitangaza lenyewe. Lakini kuna vipande vya ramani ambavyo namba za chini na za pembeni zinakaribiana, na hapo ukigeuza unaangukia kwenye shamba la mtu mwingine bila kujua. La pili ni kuuchagua mstari ulio karibu badala ya ule ulio kushoto. Kitu kikiwa sehemu ya tisa kati ya 47 na 48, jicho linavutwa na 48, mwanafunzi anaandika 481 akidhani amekikaribia. Amekiruka. Unasoma daima mstari ulioupita, kushoto na chini, kama unavyosema saa mbili na dakika hamsini wakati saa tatu iko mlangoni.

Sasa kuhusu zile sehemu kumi. Kwenye ramani ya asili kisanduku kina milimita 20, basi kila sehemu ni milimita mbili, unasoma moja kwa moja kwenye rula. Kwenye kopi yake kisanduku kina milimita 14, na nani atagawanya 14 kwa kumi kwa macho? Mpwa wangu alikuwa amekisia. Nikamwonyesha ujanja tuliokuwa tukiutumia ofisini kabla ya kompyuta.

Weka sifuri ya rula kwenye mstari wa 47. Inamishe rula, usiiache ilale sawa, mpaka alama ya sentimita 2 iguse mstari wa 48. Kwa kuwa umeiinamisha, milimita 20 zinaenea kwenye nafasi ya milimita 14. Sasa isogeze juu au chini, ukihakikisha sifuri bado iko juu ya 47 na 2 iko juu ya 48, mpaka ukingo wake upite kwenye zahanati. Soma: milimita 12. Kila milimita mbili ni sehemu moja ya kumi, basi ni sita. Geuza karatasi, fanya vivyo hivyo kati ya 23 na 24: milimita 8, yaani nne. Kama kopi imekuzwa na kisanduku kina zaidi ya sentimita mbili, tumia sentimita tatu au tano badala ya mbili. Ilimradi urefu unaouchagua uwe mkubwa kuliko kisanduku.

Aliirudia mara nne kwa daraja, njia panda, shule na kisima. Kila mara namba ilitoka sawa na ya mwalimu, kwenye karatasi iliyosinyaa kwa karibu theluthi. Hilo ndilo jambo ninalolipenda kwenye marejeo ya gridi. Umbali unaharibiwa na mashine, gridi haiharibiwi. Sehemu sita kati ya kumi za kisanduku ni sehemu sita, kiwe kikubwa kama sahani au kidogo kama ukucha.

Likabaki swali la uelekeo. Aliulizwa kilele cha kilima, 438241, kiko upande gani wa shule iliyoko 452195, na pembe yake ni digrii ngapi. Alijibu kaskazini-magharibi, digrii 17. Yote mawili alikosa, na safari hii mashine haikuwa na hatia. Kopi iliyosinyaa sawasawa pande zote haiharibu pembe. Mshale ukiwa mdogo bado unaelekeza kulekule.

"Umesimama wapi?" nikamuuliza. Katika maswali haya neno dogo "kutoka" ndilo linalokuambia usimame wapi. Upande wa kilima kutoka shuleni: umesimama shuleni, unatazama kilimani. Ukibadilisha mahali pa kusimama, jibu linageuka digrii 180. Yeye alikuwa amesimama mahali sahihi. Alipita penseli shuleni akachora mstari sambamba na mistari ya wima ya gridi, akaunganisha shule na kilele, akaweka protrakta. Mpaka hapo safi. Ila protrakta ya kwenye mkebe wa hesabu ni nusu duara, na kilima kiko kushoto kwa kaskazini. Akasoma ile pembe ndogo ya digrii 17 akaiandika ilivyo. Pembe ya uelekeo huhesabiwa kuanzia kaskazini kwa kufuata mshale wa saa, mpaka uzunguke wote ufike. Kilima kimepungukiwa digrii 17 kukamilisha duara, basi ni 360 kutoa 17: digrii 343.

Na upande? Yeye aliona mstari umeegemea kushoto kidogo, akasema kaskazini-magharibi. Hapa lazima uhesabu. Ukitumia pande nane, kila upande unamiliki digrii 45, na kaskazini inamiliki 22 na nusu kila mkono. Digrii 17 zimo ndani ya milki ya kaskazini. Jibu ni kaskazini tu. Mwalimu akitaka pande kumi na sita, kaskazini inabaki na digrii 11 na robo kila mkono, 17 inatoka nje ya mpaka wake, na jibu linakuwa kaskazini kaskazini-magharibi. Maneno ya swali au dira iliyochorwa kwenye karatasi ndiyo yatakayokuambia wanataka ipi.

Tulikuwa tunakaribia kumaliza alipotoa karatasi ya pili kwenye begi. Ni ya rafiki yake, aliyeikosa ile ya darasani. Alitumiwa picha ya ramani kwenye simu, ndugu yake akaiingiza kwenye kompyuta na kuichapa. Jaribio ni lilelile. Mpwa wangu, bila kuambiwa, akachukua rula akapima visanduku kumi kwenda kulia: sentimita 16. Akaandika kipimio chake kipya pembeni, akaanza kujidai.

"Pima na kwenda juu."

Sentimita 12.8.

Yule ndugu alikuwa ameivuta picha kwa ubavu ili ijaze ukurasa. Visanduku vimekuwa mistatili. Karatasi ya namna hii ni mbaya kuliko iliyosinyaa, kwa sababu haina kipimio kimoja: ina kimoja cha kwenda mashariki na kingine cha kwenda kaskazini. Hata ule ufito wa kilomita niliousifu unakusaliti hapa. Umelala mashariki-magharibi, kwa hiyo umevutwa upande huo tu, na barabara iendayo kaskazini ukiipima nao utaipunja. Pembe nazo zimepinda. Kutoka darajani hadi njia panda uelekeo wa kweli ni karibu digrii 50 na nusu. Protrakta juu ya karatasi ile ilisoma 56 na nusu hivi, na hakuna mkono uliotikisika.

Kilichosalimika ni marejeo ya gridi, na kupitia hayo unaweza kuiokoa karatasi nzima. Soma namba sita za kila mahali kwa ile rula ya kuinamisha. Chukua karatasi ya grafu, ipe kilomita moja sentimita mbili, weka daraja kwenye 46.3 na 21.8, weka njia panda kwenye 49.7 na 24.6. Sasa una ramani yako mwenyewe yenye visanduku vya haki. Rula inasoma sentimita 8.8 kati yao, yaani kilomita 4.4, na protrakta inasoma 50 na nusu. Barabara yenye kona unaweza kuinakili kwa nukta tano au sita namna hiyohiyo, kona kwa kona.

Kwa atakayeichukua ramani na kwenda nayo porini kuna jambo moja zaidi, ambalo kwenye jaribio la mpwa wangu halikuulizwa. Pembezoni mwa ramani kamili huwa kuna mchoro mdogo wa mishale mitatu: kaskazini ya kweli, kaskazini ya gridi na kaskazini ya sumaku. Huku kwetu karibu na ikweta mishale miwili ya kwanza inakaribia kulaliana, na mtu anaweza kuisahau tofauti yake. Wa sumaku unaachana nayo kwa digrii chache, na unahama mwaka hadi mwaka, ndiyo maana mchoro huo huandikwa mwaka. Ukipuuza digrii tatu, baada ya kutembea kilomita tano uko mita 260 nje ya ulikokusudia. Tena ukilinganisha gridi ya ramani zetu za zamani na namba za simu, usishangae zikipishana kama mita 300 kaskazini-kusini. Ramani hizo zilijengwa juu ya mfumo wa vipimo wa mwaka 1960 uitwao Arc 1960, simu inatumia mwingine. Kwenye namba sita hiyo ni tofauti ya tatu kwenye tarakimu ya mwisho.

Wiki tatu baadaye mpwa wangu alifanya mtihani wa majaribio wa mkoa. Jioni alinipigia simu.

"Mjomba, kabla sijasoma swali nilipima visanduku kumi pande zote mbili."

"Ikawaje?"

"Kwenda juu ishirini kamili. Kwenda kulia kumi na tisa na milimita tisa. Hiyo milimita moja imekwenda wapi?"

Nikamwambia ni unene wa mstari na ncha ya penseli yake, na kwamba milimita moja katika kilomita kumi ni mita hamsini. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama penseli ya HB ni nene kuliko ya 2H.

"Ni nene, au ukiichonga vibaya."

"Basi nitanunua ya 2H," akasema, akakata simu.